Faida ndogo haifuti kodi

"Napata faida ya shilingi 400 kwa siku. Kodi inanihusu nini?"

KRA huanza na mauzo, faida baadaye. Chukua kibanda cha nafaka Kongowea kinachouza 3,500 kwa siku, siku 312 kwa mwaka: mauzo ni 1,092,000. Yakishavuka milioni 1, mwenye kibanda anaingia kwenye kodi ya mauzo, asilimia 3, inayolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo ni 32,760 kwa mwaka, katika faida ya 124,800. Inauma!

Hapa ndipo daftari linapookoa pesa. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna achague kodi ya kawaida ya mapato, inayotozwa faida. Kama hana pato jingine, nafuu ya kibinafsi inafuta kodi yote, ingawa ritani lazima aipeleke. Lakini faida ithibitishwe: kila siku aandike mauzo ya taslimu, mauzo ya M-Pesa, manunuzi na matumizi, na risiti azihifadhi miaka 5. Laini ya biashara iwe kando, maana pesa aliyotumiwa na nduguye huonekana kama mauzo.