Kuku anayeatamia na ndoo ya maji baridi

Dhana: Kuku aking'ang'ania kuatamia, mchovye kwenye maji baridi, atarudi kutaga.

Hili nalisikia kila msimu, na kila msimu naletewa kuku waliolowa wanaotetemeka. Kuatamia si homa ya kuzimwa kwa maji. Homoni ya prolaktini imepanda mwilini, na ikiwa juu, ovari husimama. Kinachoiendeleza ni kiota na joto chini ya tumbo. Maji humpoza kwa dakika chache tu. Akikauka anarudi palepale.

Mteja wangu mmoja alimchovya tetea wake, alipoona bado anarudi, akamfunika kwa tenga kwenye kona ya stoo, bila chakula, "ajifunze". Kona yenye giza na utulivu ndiyo anayoitafuta kuku anayeatamia! Na kumnyima chakula ni kumchelewesha: tayari alikuwa anakula kidogo na amekonda, sasa anahitaji nguvu ya kutengeneza mayai.

Tulimhamishia kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, kilichoinuliwa kwa matofali ili hewa ipite chini ya tumbo lake. Hakikuwa na nyasi wala maranda. Kiliwekwa kivulini lakini penye mwanga, karibu na kuku wenzake, chakula na maji vikiwemo muda wote. Baada ya siku tatu mfungulie umtazame. Akienda kuchakura na wenzake, na jioni akapanda kulala kwenye kichanja, amepona. Akikimbilia kiotani huku amevimbisha manyoya na kuguna, mrudishe siku mbili zaidi. Kadiri unavyomwahi ndivyo anavyoacha upesi, kwa hiyo okota mayai kila siku na kagua viota jioni. Usitarajie yai kesho yake. Mara nyingi huchukua wiki mbili au tatu.

Dhana: Kuku uliyeamua atotoe, mwache na mayai yote yanayoongezeka kiotani.

Hapana. Wenzake wakiendelea kumtagia humo, mayai yanapishana umri. Vifaranga wa kwanza wakitoka siku ya 21, baada ya siku moja au mbili mama huondoka nao, na yaliyobaki hupoa yakiwa na vifaranga hai ndani. Mpe mayai 10 hadi 12 kwa siku moja, yasiyozidi wiki moja tangu yatagwe, na uyatie alama ya penseli. Lisilo na alama liondoe. Siku ya saba yamulike kwa tochi gizani: lenye mishipa ya damu libaki, lililo jeupe halina kitu.

Dhana: Ngurumo za radi huua mayai, weka mkaa kiotani.

Mkaa hausaidii. Msimu wa mvua mayai huharibika kwa sababu kiota kinalowa. Inua kiota kutoka ardhini na uzibe paa linapovuja.