Ulezi, sembe na madini

“Ulezi na mtama ni vyakula vya njaa, sembe ndiyo yenye nguvu.”

Kauli hiyo, ambayo bado husikika Tabora, huchanganya weupe na ubora. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalisi, kiasi ambacho mahindi na mchele havikaribii, nayo sembe huacha mashineni pumba zenye nyuzinyuzi na madini mengi. Mtama na uwele, visipokobolewa, hubaki na nyuzinyuzi zake.

Hata hivyo, madini ya chuma ya ulezi hufungwa na faitati, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka, hivyo mwili hupata kidogo. Ili kupunguza faitati hiyo, loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi hadi uchipue, kisha uuanike na kuusaga. Uji wake huwa mwepesi kwa sababu kimea huvunja wanga, wala si kwamba unga umeharibika.