Ukurasa wa Mauzo ya Kozi: Kutoka Ahadi ya Kwanza hadi Kitufe cha Mwisho

Ninapoandaa ukurasa wa kuuza kozi ya mtandaoni, huanza na ahadi, na sigusi sehemu nyingine mpaka ahadi hiyo iwe jambo ambalo mwanafunzi ataweza kulipima mwenyewe akimaliza masomo. Tuchukue kozi ya kutunza hesabu za duka kwa Excel, inayouzwa shilingi 45,000. Kichwa kinachosema "Kuwa bingwa wa Excel" hakimwambii mwenye duka chochote, ilhali "Funga hesabu za duka kila jioni, ujue faida ya siku kabla hujalala" kinamwonyesha atakachokipata. Chini yake sentensi moja ieleze kozi ni ya nani: muuzaji wa rejareja mwenye kompyuta ambaye hajawahi kuandika fomula. Yote hayo, pamoja na kitufe cha kwanza, yaenee kwenye skrini ya simu kabla msomaji hajashuka chini.

Akishavutiwa na ahadi, msomaji hujiuliza kama mtu kama yeye ataweza, na jibu zuri ni kipande cha somo lenyewe. Video fupi imwonyeshe mwalimu akinakili mauzo ya siku kutoka daftarini, kisha akiandika `=SUM(C2:C31)` na jumla ikatokea. Isijicheze yenyewe, maana bando linalotumika ni la msomaji. Mtaala nao uandikwe kwa kazi anayoifanya mtu: badala ya "Matumizi ya SUMIF", andika "Kujua ni bidhaa ipi imeingiza fedha nyingi wiki hii". Ushuhuda wa "kozi nzuri sana" hausaidii. Tafuta ule unaotaja kilichobadilika dukani. Wasifu wa mwalimu nauandika kwa sentensi mbili tu, hata kama mwenyewe angependa ukurasa mzima.

Bei naiweka baada ya hapo, ikiambatana na muda ambao masomo yatabaki wazi na masharti ya kurudishiwa fedha.

Kitufe cha mwisho ndicho kinachoharibiwa zaidi. Neno "Wasilisha" halisemi kitakachotokea, na mtu anayekaribia kutoa fedha husita. Mimi huandika "Lipia shilingi 45,000 uanze somo la kwanza", na chini yake: "Utapokea ombi la malipo kwenye simu, ukishaweka namba ya siri, kiungo cha somo kitakujia kwa ujumbe mfupi." Fomu iulize jina na namba ya simu pekee, na vitufe vyote vimpeleke mtu mahali pamoja.

Ukurasa ukiwa hewani, nahesabu waliofungua, waliofika kwenye bei, waliobonyeza na waliolipa. Wengi wakiondoka kabla ya kushuka chini, narekebisha ahadi, au tangazo lililowaleta likiwa limeahidi jambo jingine. Wakifika kwenye bei bila kubonyeza, nauchunguza ushahidi pamoja na bei yenyewe. Lakini wakibonyeza wengi na kulipa wachache, siubadilishi ukurasa hata neno moja. Nachukua simu ya kawaida, najaza fomu na kulipa mwenyewe, nione ni hatua ipi inayokwama.