Vitanda vingapi, meza ngapi? Ufafanuzi kuhusu grafu ya mpango wa uzalishaji

Katika miezi ya karibuni dawati letu la ushauri wa viwanda vidogo limepokea malalamiko mengi kutoka kwa wenye karakana za samani hapa Dar es Salaam, hasa upande wa Keko, kwamba maombi yao ya mtaji wa uendeshaji yanarudishwa bila sababu. Sababu ipo, na mara nyingi ni moja: Sehemu C ya fomu, inayomtaka mwombaji aoneshe kwa grafu atatengeneza kiasi gani cha kila bidhaa. Tunaomba wananchi waelewe kwamba afisa hana kinyongo na mtu. Anayerudishiwa fomu hatozwi faini. Anatakiwa kujaza nakala mbili mpya, zisainiwe na mwenye karakana pamoja na fundi mkuu, bila kufutwafutwa kwa wino mweupe, na maombi yanaingia upya mwisho wa foleni. Grafu iliyochorwa kwenye karatasi ya daftari haipokelewi. Iwe karatasi ya grafu.

Tuchukue karakana ya mfano inayotengeneza vitanda na meza za chakula. Kwa wiki inapata vipande 240 vya mbao, maana mwenye ghala hampi zaidi ya hapo kwa bei ya kawaida. Ina mafundi wanne, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki kwa kila mfanyakazi, kwa hiyo karakana ina saa 180. Kitanda kimoja kinakula vipande 12 na saa 6 za fundi. Meza moja inakula vipande 6 na saa 9.

Kitanda kinauzwa shilingi 330,000. Mbao zake, kwa shilingi 18,000 kipande, ni 216,000. Vanishi, skrubu, gundi na msasa ni 54,000. Kinabaki 60,000. Meza inauzwa 200,000, mbao ni 108,000, vifaa vingine 38,000, inabaki 54,000. Hicho kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye hesabu, wala si bei ya kuuzia. Kodi ya eneo na mshahara wa wiki wa mafundi havitolewi hapa, kwa sababu utavilipa hata ukitengeneza vitanda vitupu au meza tupu. Wanaogawanya kodi ya pango kwa kila kitanda wanajichanganya wenyewe, kisha wanakuja kutulaumu. Anayewalipa mafundi kwa kila kazi iliyokamilika, huyo ayapunguze malipo hayo kwenye kinachobaki, maana kwake yanapanda na kushuka pamoja na kazi.

Sasa jibu tunalolisikia dirishani kila wiki: "Ndugu afisa, kitanda kina faida kubwa kuliko meza, basi mimi natengeneza vitanda tu." Haya, tengeneza. Mbao 240 zinatoa vitanda 20, unapata 1,200,000. Lakini vitanda 20 vimetumia saa 120 tu. Saa 60 za mafundi, ambazo mshahara wake unaulipa, zimepita watu wamekaa kwenye benchi. Mwingine anasema atatengeneza meza tu kwa sababu hazili mbao. Saa 180 zinatoa meza 20, anapata 1,080,000, na nusu ya mbao imebaki imeegemezwa ukutani. Faida ya bidhaa moja moja haijibu swali, kwa sababu bidhaa mbili zinagombea vitu viwili, na kila moja ni mlafi wa kitu tofauti.

Andika K kwa idadi ya vitanda na M kwa idadi ya meza:

12K + 6M ≤ 240 (mbao)
6K + 9M ≤ 180 (saa)

Kuchora mistari miwili sitaeleza, hesabu hii inafundishwa sekondari. Weka vitanda kwenye mhimili wa chini na meza kwenye mhimili wa wima. Mstari wa mbao unakata vitanda 20 na meza 40. Mstari wa saa unakata vitanda 30 na meza 20. Eneo linalowezekana ni lile lililo chini ya mistari yote miwili kwa pamoja, na hapo ndipo fomu nyingi zinapoharibikia. Mtu anaona grafu yake ina alama ya meza 40, anazidisha kwa 54,000, anapata 2,160,000 na kuandika hilo kuwa jibu. Ndugu, meza 40 zinahitaji saa 360, nawe unazo 180. Alama hiyo iko kwenye mstari wa mbao, lakini iko nje ya mstari wa saa. Vivyo hivyo vitanda 30, ambavyo kwa karatasi vinaleta 1,800,000, vinahitaji vipande 360. Kila kona unayotaka kuitumia ipitishe kwenye masharti yote mawili kwanza. Ikishindwa hata moja, ifute, hata kama ina pesa nzuri.

Kona zinazobaki ni nne: sifuri kwa sifuri, vitanda 20 bila meza, meza 20 bila kitanda, na pale mistari inapokatana. Makutano hayo msiyasome kwa jicho. Penseli nene inaweza kukupa vitanda 14 au 16 na usijue. Tumia grafu kuona ni kona gani, kisha tafuta namba kwa hesabu. Gawa mstari wa mbao kwa 6, upate 2K + M = 40. Gawa wa saa kwa 3, upate 2K + 3M = 60. Toa wa kwanza kwenye wa pili: 2M = 20, hivyo meza 10, na vitanda 15. Faida ni 900,000 na 540,000, jumla 1,440,000. Hakiki: mbao 180 na 60 ni 240, saa 90 na 90 ni 180. Hakuna kilichobaki ghalani wala aliyekaa kwenye benchi.

Kwa nini tunakagua kona tu? Chora mstari wa faida yoyote ndogo, tuseme 540,000: unakata mhimili wa vitanda kwenye 9 na wa meza kwenye 10. Weka rula juu yake, isogeze kuelekea juu kulia bila kuigeuza. Kila hatua ni faida kubwa zaidi. Sehemu ya mwisho ambapo rula bado inagusa eneo linalowezekana ni kona, isipokuwa mstari wa faida uwe sambamba na mmoja wa mistari ya masharti; hapo ukingo mzima unatoa faida ileile na unaweza kuchagua utakapo. Rula ikiyumba mkononi utafika kona isiyo yake, kwa hiyo linganisha na hesabu ya kona zote.

Mteremko wa rula unajibu pia swali lingine linalotusumbua. Watu wanabadilisha mpango mzima kila kitanda kinaposhuka shilingi elfu chache. Hakuna haja. Meza ikibaki na 54,000 yake, kitanda kinaweza kubakisha chochote kati ya 36,000 na 108,000, na mchanganyiko bora bado ni 15 na 10. Faida itapungua au kuongezeka, lakini kona haihami. Chini ya 36,000, tengeneza meza tu. Juu ya 108,000, yule ndugu wa vitanda tu atakuwa na haki, na tutampokea.

Kwa taarifa tu, mambo haya hayakuanzia ofisini kwetu. Mwaka 1939 huko Leningrad, mtaalamu wa hisabati Leonid Kantorovich alichapisha mbinu ya kupanga uzalishaji wa aina hii baada ya kuulizwa swali na kiwanda cha mbao za plaiwudi. Mwaka 1975 alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans.

Suala la saa za ziada linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa makosa yanagusa sheria. Ukiongeza saa 12 kwa wiki, yaani saa 3 kwa kila fundi, saa zinakuwa 192 na makutano yanahamia vitanda 14 na meza 12. Faida inakuwa 1,488,000. Zimeongezeka 48,000, yaani 4,000 kwa kila saa. Hiyo ndiyo thamani ya saa moja kwako kabla ya kumlipa fundi. Sheria inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, iwe kwa makubaliano, na isizidi saa 50 kwa kila mfanyakazi katika mzunguko wa wiki nne. Fundi anayelipwa 2,400 kwa saa atakugharimu 3,600 kwa saa ya ziada. Unabaki na 400. Anayelipwa 3,000 atakugharimu 4,500. Kila saa unayomwongezea unapoteza 500, ingawa karakana itaonekana ina kazi nyingi. Kumlipa bei ya kawaida ili hesabu ikubali ni kuvunja sheria, na fomu yenye hesabu hiyo hatuipitishi.

Kwa mbao hesabu ni nyepesi. Kila kipande cha ziada kinaongeza 3,000 baada ya kuondoa ile 18,000 uliyokwisha kuihesabu. Kwa hiyo mwenye ghala akikuuzia vipande vya nyongeza, mwisho wako ni 21,000. Akipandisha bei ya vipande vyote 240, hiyo ni hesabu nyingine: kinachobaki kwenye kitanda na meza kimebadilika, anza upya.

Jambo la mwisho ni soko. Grafu haijui kama meza 10 zitanunuliwa. Kama kwa uzoefu wako wiki haimalizi zaidi ya meza 8, ongeza mstari wa tatu, ulalao, kwenye M = 8. Kona mpya ni vitanda 16 na meza 8, faida 1,392,000. Mbao zinaisha zote 240, lakini saa zinazotumika ni 168 tu, zinabaki 12. Katika hali hiyo saa ya ziada thamani yake ni sifuri, si 4,000, na mwombaji aliyeandika mstari wa soko na bado akaomba fedha za kulipia saa za ziada atarudishiwa fomu. Kipande cha mbao, kwa upande wake, sasa kina thamani ya 5,000 badala ya 3,000, kwa hiyo fedha hizo aziombee mbao.