Likizo ya uzazi ilipoangukia msimu wa korosho

Mtwara mjini saluni hujaa kwa kalenda ya korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakaingia, harusi zinafuatana na kila mtu anataka kichwa kipya. Sasa mwanzoni mwa Septemba mmoja wa wasusi wangu wanne, yule mwenye mkono wa rasta, akanifuata stoo na cheti cha kliniki. "Mama, najifungua tarehe 3 Desemba."

Nilimshukuru. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mfanyakazi atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla, akiwa na cheti. Likizo ni siku 84 kwa malipo, au 100 akijifungua mapacha, na anaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Tukahesabu pale pale juu ya boksi la dawa: akianza 5 Novemba, anarudi 28 Januari. Msimu wote! Akaniambia angeweza kusuka mpaka wiki ya mwisho. Nikamkatalia kusimama kwenye dawa za kunyoosha, kwani mjamzito akiwa na kazi inayoweza kumdhuru yeye au mtoto, mwajiri anatakiwa ampe nyingine inayofaa kama inawezekana, bila kumpunguzia masharti. Akahamia kaunta na kucha za kuchora, dirishani penye hewa.

Kilichonitia hofu ni pesa. Msingi wake ni 300,000 kwa mwezi, kwa hiyo siku 84 ni kama 840,000 bila yeye kugusa kichwa. Wenye saluni wengi wakifika hapo humwambia dada wa watu "utarudi ukiwa tayari", maana yake bila mshahara, na hilo ni kosa. Mimi nilipopiga hesabu ya kiti niliona mambo kwa jicho jingine. Kiti chake msimu kinaingiza kama 900,000 kwa mwezi. Nikimweka msusi wa muda kwa kamisheni ya asilimia 40, anachukua 360,000, zinabaki 540,000. Nikitoa rasta, mafuta na umeme, kama 150,000, bado 390,000 zinaweza kumlipa aliye likizo. Kikikaa kitupu, nalipa mshahara na sipati kitu.

Msusi wa muda nilimleta wiki mbili kabla, akae pembeni ya mwenzake. Wateja wa rasta hufuata mkono, hawafuati bango la duka. Kila mteja wa kudumu aliandikiwa mstari kwenye daftari: huyu kichwa laini, usimkaze kwenye paji, huyu anataka vipande vidogo na hachelewi. Wawili tu walihama, na mmoja alirudi Februari.

Manung'uniko yalitoka ndani. Wale wengine watatu waliona wamebebeshwa Jumamosi. "Yeye analipwa amelala, sisi miguu imevimba." Nilikuwa nimegawa siku za mapumziko sawasawa nikadhani nimemaliza, kumbe aliyepumzika Jumanne hafanani na aliyepumzika Jumamosi. Tangu hapo nahesabu Jumamosi na siku za mkesha wa Idi peke yake, kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Kila mtu anaona nani kazibeba ngapi, na mwenye nyingi ndiye anayechagua kwanza likizo yake ya mwaka.

Karatasi hiyo hiyo ilinifundisha jambo kuhusu ugonjwa. Mmoja wao aliumwa mara nne ndani ya wiki sita, na wenzake wakaanza kunong'ona kwamba ni uvivu. Sikumsema. Nililinganisha tarehe zake na daftari la wateja, nikakuta kila mara siku iliyotangulia alifanya dawa vichwa vitatu au zaidi. Feni yangu ilikuwa inasukuma mvuke kumrudia usoni. Nikaigeuza itoe hewa nje, nikagawa dawa isizidi vichwa viwili kwa mtu kwa siku, kikohozi kikapungua. Ningekimbilia kukata mshahara ningempoteza bure, tena sheria inampa siku 63 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 63 nyingine kwa nusu, ndani ya mzunguko wa miezi 36, mradi ana cheti cha daktari. Kwangu homa ya siku moja siombi cheti. Naomba simu kabla ya saa moja asubuhi, ili niwahi kumpigia mteja wa kwanza.

Mama mtoto alirudi 28 Januari. Anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi masaa mawili kwa siku, nasi tukaugawa: saa nne na saa nane, bodaboda mpaka Chuno na kurudi. Kosa langu lilikuwa siku ya kwanza, nilimpangia rasta ndogo za masaa matano. Saa nne ilipofika mteja alikuwa na nusu kichwa, yeye maziwa yanalowesha gauni. Kuanzia kesho yake akawa anapata kuosha, kuset na kucha mpaka saa nane, na rasta zake tukaanza wawili wawili, mmoja akiondoka mwingine anaendelea kusuka.