Ngazi ya kuegemeza: mguu ukae mbali kiasi gani na ukuta?

Ngazi iliyoegemezwa vibaya haimtishi mtu akiwa kwenye kipandio cha kwanza. Anaitikisa, anaona imetulia, anapanda. Inateleza akiwa juu, karibu na pale alipotaka kufika. Katika kazi yetu ya ukaguzi wa usalama mahali pa kazi, wenzake waliokuwapo hutuambia jambo lilelile: "Aliijaribu kabla ya kupanda, ilikuwa imara." Ni kweli ilikuwa imara, kwa mtu aliye chini. Ili tuelewe kwa nini, tuchukue nyumba moja ya kawaida na tuipigie hesabu.

Nyumba ina paa la bati, na ukingo wa paa uko mita 3.6 kutoka ardhini. Fundi anataka kupanda kuziba bati linalovuja. Yeye na vifaa vyake ni kilo 80, na ngazi yake ya mbao ni kilo 20. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni ya moja kwa nne: kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi utoke nje mita moja. Kwa hiyo anagawanya 3.6 kwa 4 na kupata sentimita 90. Ngazi ikikaa hivyo inafanya pembe ya takriban nyuzi 76 na ardhi, na watu wengi huizungusha na kusema nyuzi 75.

Hizo sentimita 90 hupimwa kutoka wapi? Hapa mafundi wengi hukosea. Paa lina ukingo uliotokeza nje ya ukuta, tuseme sentimita 60, na ngazi inaegemea kwenye ukingo huo, haigusi ukuta kabisa. Kipimo kinaanzia ardhini, mahali palipo wima chini ya pale ngazi inapoegemea. Ukitundika timazi kwenye ukingo wa paa, ncha yake ikagusa ardhi, hapo ndipo pa kuanzia. Fundi akipima sentimita 90 kutoka ukutani, mguu wa ngazi utakuwa sentimita 30 tu kutoka kwenye alama ya timazi, na ngazi itasimama wima mno. Kwenye nyumba hii, mguu unatakiwa kuwa mita 1.5 kutoka ukutani.

Sasa tuangalie kinachotokea chini. Ngazi ikiwa imeegemea, uzito ulio juu yake unausukuma mguu wake utoke nje. Kinachouzuia ni msuguano kati ya mguu na sakafu. Tuchukulie kwamba ukuta au ukingo wa paa hausaidii kuzuia, kwa sababu mara nyingi ni laini na hautegemeki. Fundi akiwa amefika sehemu nne kwa tano za ngazi, msukumo wa chini ni huu:

(80 × 0.8 + 20 × 0.5) ÷ 4 = kilo 18.5

Namba 0.8 ni pale fundi alipofika, na 0.5 ni katikati ya ngazi, ambapo uzito wake wenyewe unahesabiwa. Namba 4 inayogawanya ni ule uwiano wa urefu kwa umbali. Tuseme mbele ya nyumba kuna mtaro wa maji ya mvua, na fundi ameamua kuweka mguu wa ngazi ng'ambo ya mtaro, mita 1.8 kutoka kwenye alama ya timazi. Uwiano umekuwa 2 badala ya 4, na pembe imeshuka hadi nyuzi 63 hivi. Msukumo nao umeongezeka maradufu, umekuwa kilo 37.

Je, sakafu inaweza kuzuia kilo ngapi? Inategemea sakafu yenyewe na mguu wa ngazi. Tuseme ni sementi yenye vumbi, na kwa uzito huu wa jumla wa kilo 100 inaweza kuzuia msukumo wa kilo 30, ukizidi hapo mguu unaondoka. Kwa ngazi iliyowekwa sawasawa, fundi anaweza kufika hata ncha ya juu na msukumo hautapita kilo 22.5. Kwa ile ya ng'ambo ya mtaro, akiwa kwenye kipandio cha kwanza msukumo haufiki hata kilo 10, ndiyo maana alipoijaribu aliiona imara. Akiendelea kupanda unaongezeka, na akipita kidogo sehemu tatu kwa tano za ngazi unafika kilo 30. Miguu yake wakati huo iko mita 2.25 kutoka ardhini. Hapo ngazi inaanza kuteleza, na ikishaanza haisimami, kwa sababu kadiri mguu unavyotoka nje pembe inazidi kulala na msukumo unazidi kukua.

Kwa hiyo kuijaribu ngazi kwa kusimama kwenye kipandio cha chini hakukuambii lolote kuhusu kitakachotokea juu. Umbali wa mguu ndio unaokuambia, na huo unapimwa kabla ya kupanda.

Kama huna tepu ya kupimia, kuna njia mbili. Ngazi za kiwandani kwa kawaida zina vipandio vilivyopangwa kwa nafasi sawa, mara nyingi karibu sentimita 30. Hesabu vipandio kutoka chini hadi pale ngazi inapoegemea, gawanya kwa nne, na jibu ndilo umbali wa mguu, ukipimwa kwa nafasi hizohizo. Vipandio 12 hadi ukingoni maana yake mguu utoke nafasi tatu, yaani sentimita 90. Kwa ngazi za mirunda zilizopigiliwa misumari hapohapo mtaani njia hii haifai, maana nafasi kati ya kipandio na kipandio hazilingani.

Njia ya pili ni mwili wako mwenyewe. Simama wima ukiielekea ngazi, ncha za viatu zikigusa miguu ya ngazi, kisha nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikifika kwenye kipandio kilicho mbele yako bila kuinama, pembe iko karibu na inayotakiwa. Ukilazimika kukunja viwiko kwa sababu kipandio kiko karibu mno, ngazi imesimama wima mno. Ukilazimika kuinama ili ukishike, imelala mno. Njia hii inahitaji ardhi tambarare. Kwenye mteremko, tafuta tepu.

Ngazi iliyo wima mno inaua kwa namna nyingine. Tunaiona sana kwenye vichochoro, pale nafasi kati ya ukuta wa nyumba na uzio wa jirani ni ndogo, na mguu wa ngazi unawekwa nusu mita tu kutoka ukutani. Msukumo wa chini ni mdogo, mguu hautelezi. Lakini mwili wa mtu aliye kwenye ngazi uko nyuma ya ngazi, upande wa nje. Akijivuta nyuma kidogo, au akivuta ndoo ya rangi kwa kamba, uzito wake unapita nyuma ya mahali miguu ya ngazi ilipo, na ncha ya juu inaachana na ukuta. Dalili yake inaonekana mapema: mtu akipanda, ncha ya juu inagongagonga ukuta. Ukisikia hivyo, mwambie ashuke. Mahali pa namna hiyo ngazi haitumiki mpaka ncha yake imefungwa kwenye kitu imara, na kama hakuna pa kufunga, kazi inahitaji jukwaa.

Urefu wa ngazi nao unatokana na hesabu ileile. Kutoka mguuni hadi ukingo wa paa letu, ngazi inatumia mita 3.7. Ila mtu anayepanda juu ya paa anahitaji mahali pa kushika anapohamisha mguu kutoka kwenye ngazi kwenda kwenye bati, kwa hiyo ngazi inapaswa kupita ukingo kwa karibu mita moja. Jumla ni mita 4.7 na ushee. Ngazi ya mita 4, ambayo wengi wangeiona "inafika", haitoshi kwa kazi hii. Mwenye ngazi fupi ataisimamisha wima ili ifike, kisha atasimama kwenye vipandio vitatu vya juu, ambavyo havikuwekwa kwa ajili ya kusimamia kwenye ngazi ya kuegemeza. Akisimama hapo hana pa kushika. Kwa ngazi za kuvuta, kumbuka kwamba vipande viwili vya mita 3 havitoi mita 6, kwa kuwa lazima vipishane.

Mwenye nyumba au mkandarasi anayempa fundi ngazi anahusika na urefu huo. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe vifaa vya kazi ni salama. Fundi aliyepewa ngazi fupi aikatae.

Hesabu ya kilo 30 ilitegemea sakafu, na sakafu hubadilika. Geuza ngazi na uangalie viatu vyake vya mpira. Vikiwa vimelika hadi alumini inagusa chini, uwezo wa kuzuia umepungua sana. Vigae vyenye maji, au mafuta yaliyomwagika, hupunguza zaidi. Mchanga uliotapakaa juu ya sementi hufanya kazi kama goroli chini ya mguu wa ngazi, kwa hiyo fagia kwanza. Kwenye udongo laini shida ni mguu mmoja kudidimia na ngazi kulalia upande. Weka ubao mpana na mnene chini ya miguu yote miwili. Usiinue mguu mmoja kwa tofali.

Watu wengi huweka msaidizi wa kushikilia. Msaidizi anayeshika kwa mikono tu hawezi kuzuia msukumo wa kilo 37 ukija ghafla. Anayesaidia kweli ni yule anayekanyaga kipandio cha chini kabisa, kwa sababu uzito wake unaongeza msuguano na karibu hauongezi msukumo. Hata hivyo hiyo ni njia ya mwisho. Kufunga ni bora, na mpangilio wake ni huu: msaidizi anakanyaga chini wakati fundi anapanda mara ya kwanza bila mzigo, fundi anafunga miti yote miwili ya ngazi kwenye papi au nguzo ya paa iliyo imara, kisha anashuka kuchukua vifaa. Bomba la mvua na ubao mwembamba wa ukingoni si mahali pa kufungia.

Kurudi kwenye ule mtaro: mafundi hutuuliza wafanye nini kama hapana pengine pa kuweka mguu. Mara nyingi papo. Zungukeni nyumba, mtafute upande ambao alama ya timazi na sentimita 90 zake zinaangukia kwenye ardhi kavu, mpande hapo, kisha mtembee juu ya paa kwa kufuata mistari ya misumari, ambako bati limelalia papi. Kabla ya kuisimamisha ngazi upande huo, inueni macho muone waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo unaingilia wapi. Ngazi ya alumini ya mita 5 inaugusa ikiwa bado inainuliwa, kabla hata haijaegemea popote.