Kurasa mbili za bidhaa hazijumlishwi

Wiki hii nimeletewa tena kurasa mbili za kuuzia bidhaa moja mtandaoni, na ombi lile lile: "Chukua kilicho bora kila upande, unganisha." Kuunganisha kunawezekana, lakini tuelewane jambo moja: kipande cha ukurasa hakina ubora wa peke yake. Nguvu yake inatokana na kilichosomwa kabla yake.

Bidhaa ni begi la mgongoni. Ukurasa A una kichwa "Jepesi, la kila siku", picha kubwa, bei na kitufe cha kununua. B una kichwa "Hubeba safari nzima", vipimo, picha ya begi likiwa wazi na maoni ya wateja. Ziliposhindanishwa, A ulijaza vikapu zaidi. B ulijaza vichache, ila mabegi yaliyorudishwa yalikuwa machache pia.

Mteja wangu alikuwa ameshaunganisha mwenyewe: kichwa cha A, maoni ya B. Maoni ya kwanza chini ya kitufe yalisema, "Nimesafiri nalo wiki mbili, nguo zote zimeingia." Kwenye B, hayo ni ushahidi. Chini ya "Jepesi, la kila siku" yanazua wasiwasi: kumbe ni begi kubwa? Litanielemea? Maneno ni yale yale, lakini sasa yanamfukuza mnunuzi.

Kwa hiyo mimi siulizi kipande kipi kinapendeza. Kando ya kila kipande naandika swali la mnunuzi linalojibiwa hapo. Vipande viwili vikijibu swali moja, kimoja kinatoka, hata kama ni kizuri. Picha ya begi likiwa wazi ilijibu "kompyuta yangu itaingia?", na kwenye A hakuna kilichojibu hilo. Nadhani ndiyo maana mabegi ya A yalirudi. Nasema nadhani, kwa sababu jaribio la ukurasa mzima halikuambii ni kipande kipi kilichofanya kazi.

Kisha nachagua ahadi moja. Hapa nilibaki na ya A, nikaipandisha picha ile iwe ya pili, pamoja na uzito na vipimo vitatu, kabla ya kitufe. Vipimo vingine vikashuka chini. Maoni yanayozungumzia matumizi ya kila siku yakatangulia. Ya lawama sikuyafuta.

Huo sasa ni ukurasa wa tatu, haujashinda chochote. Unashindanishwa upya na A, siku zile zile, wageni wakigawanywa kwa bahati nasibu. Na tafadhali, watu 2,000 kila upande, wakinunua 100 huku na 108 kule, hapo hakuna mshindi: pengo la manunuzi 8 linaweza kujitokeza hata kati ya kurasa mbili zinazofanana kabisa.

Mauzo nitayasoma jaribio likiisha. Hesabu ya mabegi yanayorudishwa inachelewa, kwa hiyo ukurasa A haufutwi mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite.